Asetilikolini ni ileile, mbona msuli unakaza na moyo unapoa?

Watu wanapenda kuzigawa nyurotransmita, zile kemikali ambazo neva hutumia kupeleka ujumbe, kama timu za mpira, hii ya furaha, ile ya utulivu, ile nyingine ya kusisimua. Mi naona kipokezi, ile protini ya seli inayoikamata kemikali hiyo, kinaonewa hapo.

Chukua asetilikolini. Neva ikiimwaga kwenye msuli wa paja, msuli unakaza. Neva ya vagasi ikiimwaga kwenye moyo, mapigo yanapungua, na hilo mwanasayansi Otto Loewi alilionyesha 1921 kwa mioyo miwili ya chura, akachochea vagasi ya mmoja mpaka ukapoa, akachukua maji yaliyouzunguka akaupa wa pili, nao ukapoa bila kuguswa neva. Wengi wanaishia hapo, eti ushindi wa kemikali. Haya, na paja je?

Tofauti iko kwa anayepokea. Kipokezi cha msuli chenyewe ni tundu lenye mlango, zikikaa asetilikolini mbili mlango unafunguka kwa kama milisekunde moja tu, sodiamu inamiminika ndani na msuli unashtuka. Cha moyo hakina tundu kabisa. Kinaamsha protini ya G, mjumbe wa kwa ndani ya seli, kipande cha protini hiyo kinaenda kufungua tundu la potasiamu lililo jirani, potasiamu inatoka, ndani ya seli kunazidi kuwa hasi, basi pigo linalofuata linachelewa. Ni njia ya mzunguko, ndo maana moyo unajibu polepole kuliko msuli.

Ila wanaosema siri iko kwa neva inayomwaga, si kwa kipokezi, nao wana hoja, tena nzito. Bila kalsiamu kuingia kwenye ncha ya neva vifuko vilivyobeba asetilikolini havimwagi, na kipokezi kinabaki kinashangaa tu. Dodge na Rahamimoff walipima kwa chura, 1967, wakakuta kalsiamu ikiwa kidogo, ukiiongeza mara mbili tu umwagaji unapanda karibu mara 16! Na kuna ugonjwa wa Lambati-Itoni, kinga ya mwili inashambulia matundu ya kalsiamu ya neva, mgonjwa analegea wakati vipokezi vyake vizima. Huyo ukimwambia akaze msuli kwa nguvu sekunde 10 hivi, nguvu zinarudi kidogo, maana kalsiamu imejikusanya.

Sasa mlinganishe na mgonjwa wa mayasthenia gravisi, ugonjwa mwingine wa kinga kujishambulia. Kwake neva inamwaga vizuri tu, kinga imekula vipokezi, kwa hiyo kadiri anavyotumia msuli ndo anavyozidi kuchoka, kope zinashuka hasa jioni. Anapewa piridostigmini, inayozuia asetilikolini isivunjwe haraka ili vipokezi vichache vilivyobaki vipate muda wa kuikamata. Kope zinanyanyuka. Lakini dawa hiyohiyo inamkata tumbo, mate yanajaa mdomoni, na mapigo ya moyo yanaweza kushuka, kwa sababu asetilikolini imeongezeka na huko pia, na vipokezi vya huko vinaisoma kivyao.