Soda ya Joska

"Kwani mtu mzima anabebwaje bure hadi Joska, ananyweshwa soda, anarudi mjini ameshalipia ploti?" Jirani yangu aliniuliza hivyo tukipita, katikati ya jiji la Nairobi, basi linalopeleka wateja kuona ploti huko Joska, Kaunti ya Machakos.

Si ujinga. Mwaka wa 1971 mwanasaikolojia Mmarekani Dennis Regan alichapisha jaribio dogo. Mwanafunzi aliketi na mwenzake, asijue kwamba huyo ametumwa na mtafiti. Mwenzake akatoka kidogo, akarudi na soda mbili, moja akampa. Baadaye akamwomba anunue tikiti za bahati nasibu. Waliopewa soda walinunua takriban mara mbili ya wasiopewa, ingawa soda ilikuwa senti 10 na tikiti moja senti 25. Kinachonikaa kichwani zaidi ni kwamba walinunua hata wale ambao hawakumpenda mtu mwenyewe. Kwa hivyo ukijiambia "huyu ajenti simpendi, hanipati", bado hujajikinga.

Hata hivyo ajenti tunamwonea. Basi lake humfikisha mnunuzi akanyage udongo, na wengi wametapeliwa kwa picha za simu tu. Hata uhaba wa ploti anaoutangaza unaweza kuwa wa kweli: ekari moja haitoi zaidi ya ploti 8 za futi 50 kwa 100, na barabara za ndani hupunguza hizo. Shamba la ekari 5 halifikishi ploti 40. Zikiisha, zimeisha. Na kusikia kwamba wenzako wamelipia ni habari halali pia, ikiwa wamelipia kweli.

Hapo ndipo pa kuchunguza. Mwezi wa pili nilipanda basi la kampuni moja. Ramani ilikuwa imebandikwa kwenye kadibodi, ploti zilizouzwa zikapigwa wino mwekundu, na tukaambiwa zimebaki 4. Nikaipiga picha. Mwezi wa nne binamu yangu alipelekwa shamba lilelile akanitumia picha yake: ploti namba 14, nyekundu kwangu, kwake ilikuwa nyeupe. Huenda mnunuzi alishindwa kumaliza malipo, hutokea. Lakini zilikuwa 6 zilizorudi weupe, na bado zilikuwa "zimebaki 4".

Jambo la pili ni siku. Ofa iliisha Jumapili jioni. Sachi rasmi ya hati miliki mara nyingi hutegemea ofisi ya ardhi, na Jumapili imefungwa. Muda uliowekwa uishe kabla mtu hajaweza kuhakiki, mimi siuiti uhaba. Mwenye ploti za kweli hukupa namba ya hati mama, ile ya shamba zima, na kukungoja hadi Jumatano; bei ikipanda kidogo, hiyo ni biashara.

Siku ile ya basi, tuliposhuka nilimpa ajenti nauli ya matatu na pesa ya soda, tusidaiane. Alicheka, akausukuma mkono wangu. Nilipozidi kushikilia, aliniuliza kama nina shida naye.