Meza Ijengwe Kutokana na Kivuli cha Bakuli

Kuna kazi moja ambayo wapiga picha za chakula huifanya mara kwa mara, nayo ni kulikata bakuli kutoka kwenye picha iliyopigwa juu ya karatasi nyeupe, kisha kulijengea chini yake, ndani ya kompyuta, meza mpya na ukuta wa studio usio na mstari wa kiungo. Kwa maoni yangu, makosa mengi ya kazi hii hutokana na mpangilio wake. Mtu huanza kwa kutafuta picha ya mbao inayomvutia, halafu hulilazimisha bakuli likae juu yake. Mimi naamini bakuli ndilo linalopaswa kuulizwa kwanza, kwa sababu ndani ya picha yake limekwisha kutuambia kamera ilisimama wapi, mwanga ulitoka upande gani, na kivuli chake kina uzito kiasi gani.

Nitaeleza kwa kutumia kazi moja niliyoifanya mwenyewe. Lilikuwa bakuli jeupe la supu, kipenyo chake sentimita 18, nililolipiga picha kwa mwanga wa dirisha uliotoka kushoto. Aliyeniagiza alitaka meza ya mbao ambayo kwa nyuma ingeyeyuka polepole na kuwa ukuta wa kijivu. Nilifanya kama alivyotaka: niliweka mbao, nikaweka mpito wa kijivu juu, nikaunganisha viwili hivyo kwa barakoa iliyofifia, yaani kifuniko kinachoficha sehemu ya tabaka la picha bila kuifuta. Picha ilitoka safi, lakini kila nilipoitazama niliona meza inayoingia kwenye ukungu, wala sikuweza kujizuia kutafuta ukingo wake.

Sababu yake ni kwamba mbao haipindi. Ukuta wa studio usio na kiungo ni kitu halisi: ni karatasi au kitambaa kinachoning'inizwa juu, kikashuka, kikajikunja kwa upole na kulala juu ya meza, ndiyo maana jicho halioni mahali meza inapoishia. Kitu kinachoweza kupinda namna hiyo, au kinachoweza kupakwa juu ya umbo lililopinda, kama vile lipu, kinaruhusiwa kupanda kutoka mezani hadi ukutani. Ubao hauruhusiwi. Ukitaka ubao, basi ujaze fremu yote, au uonyeshe ukingo wake wa nyuma ukiwa umefifia kwa sababu uko nje ya eneo kali la lenzi. Nilimweleza mwenye kazi hivyo, akakubali tutumie lipu ya kijivu, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza.

Swali la kwanza kwa bakuli ni la pembe ya kamera. Mdomo wa bakuli ni duara, lakini katika picha huonekana kama duaradufu, na uwiano wa kimo chake kwa upana wake hutoa pembe ambayo kamera ilitazama chini kwayo. Katika picha yangu mdomo ulikuwa na upana wa pikseli 1600 na kimo cha pikseli 800, yaani uwiano wa 0.5, ambao ni sine ya nyuzi 30. Kwa hiyo kamera ilikuwa ikitazama chini kwa takriban nyuzi 30, na picha ya lipu, ambayo nilikuwa nimeipiga kutoka juu moja kwa moja, ilipaswa kufinywa kimo chake hadi nusu kabla ya kuitwa meza. Vitundu vya lipu vilivyokuwa mviringo vikawa bapa kwa kiasi kile kile cha mdomo wa bakuli. Kama bakuli lingetoa uwiano wa karibu 0.7, pembe ingekuwa nyuzi 45 na ufinyaji ungekuwa mdogo zaidi.

Kufinya peke yake hakutoshi, kwa kuwa vitu vilivyo mbali huonekana vidogo. Kamera ilikuwa mita moja kutoka kwenye bakuli, na sehemu ya meza iliyo sentimita 20 nyuma ya bakuli iko mbali na kamera kwa takriban sentimita 117. Kwa hiyo upana wa kitu chochote pale ni asilimia 85 ya upana wake kwenye bakuli. Ndani ya Photoshop nilichagua `Edit > Transform > Perspective` na kuubana ukingo wa juu wa lipu kwa kipimo hicho. Sehemu ya lipu inayosimama kama ukuta sikuifinya, kwa sababu ukuta unatazamana na kamera kwa namna nyingine kabisa, na katika eneo la mkunjo niliziacha nakala mbili za lipu, iliyofinywa na isiyofinywa, zikutane kwa barakoa pana, pale ambapo lenzi tayari ingekuwa imetia ukungu. Nasisitiza jambo hili: kiungo kifichwe mahali ambapo lenzi yenyewe ingekificha. Ukungu ukiwekwa popote pengine husomeka kama kosa.

Kisha kuna ukubwa. Bakuli la sentimita 18 kwa pikseli 1600 lina karibu pikseli 89 kwa kila sentimita. Picha yangu ya kwanza ya lipu ilikuwa na pikseli 50 tu kwa sentimita, na nilipoiweka bila kuikuza, vitundu vilikuwa vidogo kuliko vilivyo kweli, na bakuli likaonekana kubwa kama beseni. Kuikuza mara 1.8 kungerekebisha ukubwa lakini kungeifanya lipu ikose ukali chini ya bakuli lililo kali, nalo jicho hutambua tofauti hiyo mara moja hata kama haliwezi kuieleza. Nilirudi kuipiga upya kwa karibu, sentimita 60 kwa pikseli 6000, huku dirisha likiwa upande wa kushoto kama kwa bakuli, kwa sababu kila kitundu kina kivuli chake kidogo, na vivuli hivyo vikielekea upande usiofaa, meza nzima huonekana kama imegeuzwa ndani nje.

Sasa nifike kwenye kivuli, ambacho ndicho kiini cha hoja yangu. Nimeona watu wakikata bakuli, wakatupa kivuli chake cha kweli, halafu wakachora kingine kwa brashi laini. Kivuli cha kuchora hakijawahi kuniridhisha hata mara moja. Kivuli cha kweli kina mstari mweusi mwembamba pale kitako kinapogusa meza, kisha hupanuka na kufifia kwa kasi inayotegemea ukubwa wa dirisha na umbali wake, na mkono haukisii vitu hivyo.

Njia ya kukihifadhi ni kupiga fremu mbili. Kamera iwe juu ya stendi, mipangilio yote iwekwe kwa mkono ili isibadilike, na karatasi iwe nyeupe isiyoungua, yaani thamani yake ya mwangaza, inayohesabiwa kutoka 0 kwa nyeusi hadi 255 kwa nyeupe, iwe karibu 220 na si 255. Fremu ya kwanza ina bakuli. Ya pili ni karatasi tupu, bakuli likiwa limeondolewa bila kuigusa karatasi. Ndani ya programu, fremu tupu huwekwa juu ya fremu ya bakuli kwa hali ya `Divide`. Pale ambapo fremu mbili zinalingana, matokeo ni meupe kabisa. Pale penye kivuli, hubaki uwiano wake tu. Ukiunganisha tabaka hizo mbili na kuliweka tokeo juu ya lipu kwa hali ya `Multiply`, lipu huwa nyeusi zaidi mahali pale pale na kwa kiasi kile kile karatasi ilivyokuwa nyeusi zaidi.

Chukua sehemu moja. Karatasi tupu ilikuwa na thamani ya 220, na chini ya kivuli ilishuka hadi 110. Uwiano ni nusu, kwa hiyo lipu yenye thamani ya 90 ikashuka hadi 45. Bila fremu tupu, ukiiweka picha moja kwa moja kwa `Multiply`, karatasi ya 220 huishusha lipu yote hadi karibu 78, na kwenye pembe iliyo mbali na dirisha, ambapo karatasi yangu ilikuwa 180, huishusha hadi 64. Meza huchafuka bila mpangilio, na ukingo wa picha ya zamani hujitokeza kama mstatili hafifu. Kama karatasi ilisogea kati ya fremu mbili, utaona mistari myembamba iliyooanishwa, mmoja mweupe na mmoja mweusi, penye mkunjo wowote wa karatasi. Hapo hakuna dawa ila kupiga upya.

Juu ya kivuli hicho hurudi bakuli lililokatwa. Barakoa yake niliivuta ndani kwa pikseli mbili, kwa maana ukingo wa bakuli hubeba utando mweupe wa karatasi, na kwenye kitako niliiacha iishie juu kidogo ya mstari wa mguso ili mstari huo utoke kwenye tabaka la kivuli.

Ukuta wa nyuma ulihitaji uangalifu wa aina nyingine. Mpito wake ulikuwa kutoka thamani ya 40 hadi 70, ambazo katika faili la biti 8 ni hatua 30 tu. Ukizitandaza juu ya pikseli 2000, kila hatua huwa ukanda wa pikseli 66 hivi, na kanda hizo huonekana kwa macho. Nilifanya kazi kwa biti 16 na kuongeza chembechembe kidogo kwa `Add Noise`, kiasi cha asilimia 1 hadi 2, mpaka chembe za ukuta zikafanana na zile zilizokuwa kwenye supu. Ukuta usio na chembe nyuma ya chakula chenye chembe hujulikana kuwa umebandikwa.

Baada ya yote hayo bado kulikuwa na dosari moja ambayo programu ilinisaidia nusu tu. Karatasi nyeupe ilikuwa imerudisha mwanga juu, kwenye tumbo la bakuli, na tumbo hilo likang'aa kwa namna ambayo lipu ya kijivu isingeweza kuling'arisha. Nilijaribu kulifunika kwa tabaka la `Multiply` lenye rangi ya lipu, nikapaka taratibu kutoka kwenye kitako kwenda juu, na katika ukubwa mdogo picha ilipita. Katika ukubwa kamili, mng'ao wa glezi ulibaki na umbo la karatasi. Siku iliyofuata nilitandika karatasi ya kijivu inayokaribiana na lipu, nikapiga tena fremu zote mbili kwa pembe ile ile na dirisha lile lile, na tumbo la bakuli likatoka na giza lake sahihi bila kupakwa kitu.