Memo ya masaa mapya imenikutanisha na mlinzi

Jamani nimechoka. Ijumaa jioni, watu tushabeba mabegi, memo inabandikwa ukutani, "YAH: TANGAZO". Tangazo la nini sasa, msiba au harusi? Aya ya kwanza shukrani, ya pili dira ya ofisi, huko chini kabisa ndo unakuta "kuanzia wiki ijayo kazi itaanza 1:30 ili kuongeza ufanisi, isipokuwa kwa baadhi ya watumishi". Basi, imeisha.

Mimi nikaelewa saa moja na nusu asubuhi, Jumatatu nikawahi, tukabaki tunaangaliana na mlinzi. Jamaa wa uhasibu aliyezoea saa ya kompyuta katokea saa saba na nusu mchana, kapiga pasi, katulia, anauliza kwani mmeshaanza? Wengine waliisoma Jumatatu yenyewe wakasema aah, wiki ijayo bado. Na ile "baadhi ya watumishi" kila mtu alijihesabu yumo. Ufanisi nao ukatafsiriwa kwamba watu wanapunguzwa, mpaka mama mmoja akaanza kukusanya vikombe vyake. Kumbe sababu ni wateja wanaopanga foleni mlangoni nusu saa kabla hatujafungua! Si mngesema tu?

Kwa mdomo wangu huu bosi akaniambia haya, iandike wewe unayejua. Shukrani nikazitupa, nikaweka jambo lenyewe juu:

"YAH: MUDA MPYA WA KAZI KUANZIA JUMATATU, 2 MACHI

Kuanzia Jumatatu tarehe 2 Machi tutaingia saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 9:30 alasiri (kwenye kompyuta 07:30 hadi 15:30), badala ya saa 2:00 hadi saa 10:00. Masaa ni yale yale 8, mshahara haubadiliki. Sababu: wateja wengi wanafika kabla hatujafungua.

Wasiohusika: mapokezi zamu ya jioni, wanabaki saa 5:00 asubuhi hadi saa 1:00 usiku. Mwenye mtoto wa kupeleka shule amwone msimamizi wake kabla ya Ijumaa tarehe 20 Februari, akikubaliwa atabaki na muda wa zamani."

Hapo kwenye wasiohusika ndo nilitoka jasho, maana ukimwambia mtu hahusiki bila kumwambia aje saa ngapi umempa kitendawili. Kabla ya kubandika nikampa mlinzi asome, nikamuuliza, ungekuwa wa uhasibu ungekuja saa ngapi? Akajibu fasta, saa moja na nusu asubuhi, tarehe 2. Moyoni nikajipigia makofi. Halafu akauliza, "Sasa bosi wangu, geti mimi nafungua saa ngapi?"

Geti! Nikarudi kuongeza mstari, geti saa 1:15. Nikapeleka isainiwe, bosi kaisoma yote taratibu, kavua miwani: "Nzuri sana, ila mbona haina shukrani?"