Ukikodi seva ya kukompaili, angalia RAM kabla ya kore

Laptopu ya RAM GB 4 inatosha kabisa kuandikia msimbo. Inakoshindwa ni kwenye kukompaili mradi mkubwa wa C++, na hiyo ndiyo kazi ya kuihamishia kwenye seva ya kukodi kwa SSH. Tatizo ni kwamba wengi huchagua seva kwa wingi wa kore, halafu wanashangaa bildi inakufa njiani.

Chukua seva ya kore 8 na RAM GB 8. Ukiandika `make -j$(nproc)`, kompaila nane zinaanza kwa mpigo. Faili moja lenye templeti nyingi linaweza kula GB 1.5 peke yake, kwa hiyo nane zinataka GB 12. RAM ikiisha, kerneli ya Linux inachagua mchakato mmoja na kuuua, nawe unaona hivi:

```
g++: fatal error: Killed signal terminated program cc1plus
```

Usianze kuchokonoa msimbo, maana kwa kawaida hauna kosa. Hakikisha kwanza:

```
sudo dmesg | grep -i "out of memory"
```

Ukikuta `cc1plus`, yaani kompaila yenyewe ya C++, imetajwa hapo, kilichopungua ni RAM. Rudia kwa `make -j4`. Bei zikikaribiana, mimi ningechukua kore 4 na GB 16 kuliko kore 8 na GB 8, bila kusita. Swapu, yaani sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa, inafaa mwishoni mwa bildi, pale linka moja inapohitaji nafasi kubwa kwa muda mfupi. Kompaila nane zikianza kuigombea, seva inazama kwenye diski hadi SSH yenyewe inaacha kujibu.

Jambo la pili ni mtandao. Bando likiisha au mnara ukiyumba, kikao cha SSH kinakatika, na bildi uliyoianzisha humo kwa kawaida hufa nacho. Ukishaingia kwenye seva, kabla ya kitu kingine, andika:

```
tmux new -A -s kazi
```

Amri hiyo hiyo hufungua kikao kipya au kukurudisha kwenye cha zamani, bildi ikiwa bado inakimbia. Iandike ndani ya seva. Tmux iliyofunguliwa kwenye laptopu haikulindi, kwa sababu muunganisho wenyewe ndio unaokatika.

Kisha kuna bili. Kwa watoa huduma wengine, kuzima seva hakusimamishi malipo hata kidogo. Kwa wengine kunasimamisha ya kore na RAM, lakini diski inaendelea kulipiwa. Soma ukurasa wao wa bei kabla ya kukodi. Kama hutaigusa kwa wiki kadhaa, hifadhi nakala ya diski, kisha futa seva yenyewe kabisa. Nakala nayo hulipiwa, ingawa kwa kawaida ni nafuu zaidi. Kabla ya kufuta, pitisha `git status` na `git stash list` katika kila mradi, kwani mabadiliko uliyoyaweka kwenye stashi hayaendi popote unapofanya `git push`.