Mhindi mmoja, wingi mbili

Binti wa kaka yangu yuko darasa la tano hapa Mbeya. Jumamosi iliyopita alikuja na daftari lake la Kiswahili, amenuna. Zoezi lilikuwa la kuandika wingi wa maneno kumi, yamechapwa kwenye karatasi ya fotokopi, yote kwa herufi ndogo. Neno la saba lilikuwa mhindi. Yeye aliandika mihindi. Mwalimu akapiga mkasi na pembeni akaandika wahindi.

"Shangazi," akaniuliza huku akinyoosha kidole dirishani, "kwani ile pale nje ni nini?"

Nje kulikuwa na shamba la jirani, mahindi yameanza kutoa mbelewele. Mtoto alikuwa sahihi, na mwalimu naye alikuwa sahihi. Kosa lilikuwa la zoezi lenyewe, na kwa maoni yangu ni kosa la jinsi tunavyofundisha ngeli kwa ujumla: tunampa mtoto neno lililo peke yake, limekatwa kwenye sentensi, tena limetengwa na ndugu zake.

Tuliweka lile zoezi kando, nikamwandikia shina moja tu katikati ya ukurasa: -hindi. Nikamwambia avae viambishi kimoja kimoja aone kinachotokea.

Akaanza na m-. Mhindi amefika dukani. Wingi, Wahindi wamefika. Huyu ni mtu, na tukimwandika tunampa herufi kubwa. Halafu m- ileile tena: mhindi umekauka, mihindi imekauka. Huu ni mmea. Kiambishi cha umoja kinafanana kabisa, kwa hiyo ukikitazama peke yake hakikwambii kitu. Kinachotoboa siri ni wingi na kitenzi. A- na wa- ni za mtu, u- na i- ni za mmea. Ndiyo maana neno la saba halikuwa na jibu moja. Kama karatasi ingeandika "mhindi umeanguka kwa upepo", hakuna mtoto wa Mbeya ambaye angekosa.

Kisha tukaliacha shina bila kiambishi: hindi. Hindi limeiva, mahindi yameiva. Hapa tumetoka kwenye mmea tumeingia kwenye zao lake, kama mparachichi na parachichi kule Rungwe, au mchungwa na chungwa. Lakini katika hili la hindi kuna jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Umoja na wingi wake havilingani. Hindi ni lile moja zima, lenye gunzi na punje zake, unaloweza kulichoma. Mahindi ni mengi ya namna hiyo, lakini pia ni punje zilizokwisha kupukuchuliwa, na pia ni zao zima shambani. Mtu akisema ana magunia kumi ya mahindi, huwezi kuchukua punje moja kutoka humo ukaiita hindi. Itabaki punje ya mahindi. Ma- hapa haihesabu, inakusanya. Hata wakulima wetu mara nyingi husema "mahindi yamekauka" wakitazama shamba zima, na neno mhindi hulitoa pale wanapotaka kuzungumzia shina mojamoja: mhindi huu umebeba mawili.

Tukaweka ki-: Kihindi. Ni lugha, ni namna ya kufanya jambo, chakula cha Kihindi, nguo za Kihindi. Tukaweka u-, akacheka mwenyewe kabla sijasema, maana hapa mjini tuna mtaa wa Uhindini. U- inatoa mahali pa watu wale, -ni ya mwisho inakuingiza ndani yake. Ni u- ileile ya Uhehe kule Iringa na Usangu kule bondeni: Mhehe, Wahehe, Kihehe, Uhehe. Msangu, Wasangu, Kisangu, Usangu. Mtoto aliyezaliwa Nyanda za Juu Kusini anaujua mfumo huu tangu hajaenda shule, ila hajaambiwa kwamba anaujua. Na u- hiyohiyo hubeba hali pia: utu, utoto, Utanzania. Ukisikia "Uhehe" lazima usikilize kinachofuata ili ujue kama mtu anazungumzia nchi au anazungumzia kuwa Mhehe.

Swali lake lililofuata nililitarajia. "Kwa hiyo mahindi yalitoka India?" Hapana. Asili ya zao hili ni Meksiko, na lilivuka bahari baada ya safari za Wazungu kwenda Amerika kuanza mwaka 1492. Jina halisemi zao lilikozaliwa. Linasema wale walioliita hivyo walilihusisha na upande gani. Ninalisisitiza hili kwa sababu ukishaanza kupanga maneno kwa ukoo, ni rahisi kuligeuza shina kuwa shahidi wa historia. Shina linaonyesha jinsi wasemaji walivyounganisha vitu akilini, basi.

Na si kila zao lina ukoo wa namna hii. Ndizi za Tukuyu zinatoka kwenye mgomba, mchele wa Kyela unatoka kwenye mpunga, na kiazi hakina "mmazi" wala "mwazi". Ukimpa mtoto kanuni ya mmea na tunda bila kumwonyesha inapokatika, ataunda maneno ambayo hakuna anayeyasema. Kipimo ninachokiamini ni hiki: badilisha kiambishi, kisha tunga sentensi, kisha jiulize kama umewahi kumsikia mtu akiisema. Hata neno likiwepo, bado uangalie maana. Mbuni ni mti wa buni, zile punje za kahawa tunazovuna Mbozi. Mbuni mwingine ni ndege asiyeruka, na wa tatu ni mtu anayebuni jambo. Hao watatu wanafanana sura tu, hawana undugu.

Ninachokidai ni kidogo. Kamusi hupanga maneno kwa alfabeti, na haina budi, lakini kwa kupanga hivyo hindi huenda kwenye H, Kihindi kwenye K, mhindi kwenye M, Uhindi kwenye U. Ndugu wanne, kurasa nne, na mtoto hawaoni pamoja hata siku moja. Kitabu cha darasa hakifungwi na alfabeti. Kingeweza kumpa shina moja kwa wiki, na kila neno ndani ya sentensi yake.

Kabla hajaondoka nilimpa shina lingine akafanye nyumbani, -ji. Jibu alilipata palepale akiwa bado amesimama mlangoni: mji umekua, kijiji kimekua, jiji limekua. Tukuyu ni mji, Mbeya ni jiji. Nilimweleza kwamba kwenye kijiji ile ji ya katikati imechomekwa kwa sababu shina ni fupi mno, silabi moja, kama tunavyosema kijiti kutokana na mti na kijitu kutokana na mtu. Jina lenyewe la mji limo kwenye ji ya mwisho. Akakaa kimya kidogo.

"Na mwenyeji, shangazi?"

Mwenye mji. Sikuwa nimepanga kumwambia hilo.