Mgeni Ameomba Kofi

Jamani, mgeni wangu ndiye anayejifunza Kiswahili, lakini ninayekoma ni mimi! Kaingia jikoni asubuhi, kamwambia mke wangu kwa adabu zote: "Shikamoo mama, naomba kofi. Kubwa, tafadhali." Mke wangu akaweka mwiko chini, akanitazama mimi kana kwamba ndiye niliyemtuma.

Kumbe alitaka kahawa. Kwa Kiingereza chao jina la kinywaji hicho linatamkwa karibu sawa na kofi letu hili la shavuni. Na kinachoniudhi zaidi, kahawa na hilo jina la kwao ni ndugu wa damu, yote yametoka kwa Waarabu. La kwetu lilibaki na sura ya ukoo, la kwao likapitia kwa Waturuki na Waholanzi hadi likabadilika uso. Ndugu hawafanani hata kidogo, halafu kofi, asiyehusika kabisa, ndiye anayedhaniwa pacha! Nikamwambia aangalie kitenzi: kahawa hunywewa, kofi hupigwa.

Hayo ni ya sikio. Ya jicho yana fujo zake. Kamwandikia shemeji yangu ujumbe: "Habari dude, mate wangu!" Kwao hayo yote mawili ni maneno ya kumwitia rafiki. Shemeji, ambaye kitambi chake kinajulikana, kanipigia simu anahema. "Yaani mimi dude? Halafu mate?" Nikaanza kusuluhisha kesi isiyonihusu. Angalau haya yana dawa: soma kwa sauti. Kiswahili hakina irabu ya pambo, kila moja inatamkwa, ma-te, du-de, na mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Wao ile irabu ya mwisho wanaiandika tu, hawaitamki. Ukitamka, ule urafiki unakufa hapohapo. Na hata angekusudia mate yenyewe, angesema "mate yangu"!

Lakini hoteli ndiyo iliyonitoa jasho, maana hapo hata kamusi haimsaidii. Neno ni lao kweli, tumelichukua kwao, ila tulipolifikisha huku tukaliongezea kazi: hoteli ya kulala ipo, na hoteli ya kula tu ipo vilevile, meza na mabenchi basi. Mgeni kaelekezwa hoteli ya jirani, kaburuta sanduku lake usiku, kamuuliza mhudumu kama kitanda kina neti. Mhudumu kamuuliza wali au ugali. Nimeenda kumchukua mimi, na kandambili zangu.

Sasa ameona kwenye simu yangu nimeandika "leo tuna wageni". Kwao tuna ni samaki, basi anataka kujua huyo samaki tutampika saa ngapi. Nimemwambia huyo samaki kwetu anaitwa jodari, na hao wageni ni mama mkwe na shangazi zake. Kaguna, kaniuliza tena: "Kwa hiyo jodari hawaji?"