Mwacheni kipanya aende, aende

Kurasa zangu zimerudi kutoka kwa mhariri zikiwa na wekundu mwingi, na wekundu huo umeniudhi. Ni kijitabu cha Kiitaliano cha kumsomea mtoto kitandani: kipanya anatafuta mahali pa kulala, anapita nyumba tatu, kila nyumba wenyewe wameshalala. Nilikitafsiri ili wasomewe watoto wa umri wa chekechea hapa Moshi. Mhariri amefuta marudio yote. Nilipoandika kwamba kipanya akaenda, akaenda, yeye ameweka “alitembea kwa muda mrefu”. Kila penye “ngo, ngo, ngo!” ameweka “alibisha hodi mlangoni”. Pembeni ameandika: “Inajirudia.”

Ndiyo, inajirudia. Hiyo ndiyo kazi yake!

Waitaliano wana msemo wao wa ngano, cammina cammina. Ni kitenzi cha kutembea kinachotamkwa mara mbili mfululizo, na mtoto wa kule akikisikia anajua safari ni ndefu bila kuambiwa urefu wake. Rafiki mmoja alinishauri niandike “akatembeatembea”, kwa kuwa nasi tunarudufu. Lakini kwetu anayetembeatembea hana anakokwenda, anazurura tu, kama vijana wa stendi jioni. Kipanya huyu ana shida, anatafuta kitanda. Kinachobeba safari yake ni kitenzi kizima kinachorudi na -ka- yake: “akaenda, akaenda”. Bibi yangu wa Marangu alipotusimulia kwa Kiswahili alikuwa akivuta ile ya mwisho mpaka pumzi imwishie, nasi tukajua mlima bado haujaisha.

Halafu kuna vidogo. Kiitaliano hupunguza kitu kwa kukibandika -ino mwishoni: kipanya ni topolino, kijitanda chake ni lettino, na mistari inaitikiana mkiani. Kutafuta vina vya mwisho vya kulingana na hivyo ni kujitesa, maana Kiswahili huitikiana kichwani. Nikimpa kipanya upatanisho wa ki- badala ya a-, kipanya, kitanda na kila kitenzi cha safari vinaanza kugongana vyenyewe:

Kikaenda, kikaenda,
hata kikaona nyumba.
Ngo, ngo, ngo! Hodi humu!
Kimya, jii.

Hesabu mizani ya mistari miwili ya kwanza: nane na nane. Sikio lililokulia kwenye mashairi linaitambua kabla ya akili. Weka sasa “Kilitembea kwa muda mrefu hadi kilipofika kwenye nyumba”, usome kwa sauti ukiwa umechoka, saa mbili usiku. Utavuta pumzi katikati ya sentensi, na hapo ndipo mtoto anapofumbua macho.

Mhariri anasema ki- kwa kiumbe hai ni dharau. Kwa mtu mzima, nakubali, ukimwita kijitu umemtukana. Ila mama anayesema “kitoto changu kimelala” hamdharau mtu, na kipanya kinachotafuta godoro kinastahili upole huohuo.

Mwisho wa mstari ndio ulionisumbua zaidi. Waitaliano wana maneno mengi yenye mkazo kwenye silabi ya mwisho kabisa, kwa hiyo wanaweza kuufunga mstari kwa pigo. Sisi mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na sentensi inashuka kabla haijafika. Tanakali za silabi moja ndizo zinazotupa lile pigo: mlango ukafungwa ndi, kitu kikaanguka pu, kimya kikawa jii. Ukizifuta, umeondoa mahali pekee ambapo ubeti wa Kiswahili unaweza kusimama kama ule wa Kiitaliano.

Na “ngo” ni tatu, ingawa Kiitaliano kinagonga mara mbili, toc toc. Kwetu hodi ni mara tatu; usipojibiwa unaondoka. Kwa hiyo kipanya akigonga tatu na kuondoka, mtoto wa mtaa wa Pasua hapa Moshi anaelewa kwa nini hakuingia, bila mimi kuongeza sentensi ya maelezo.

Kuna waliotaka nianze na “Hadithi, hadithi!” ili watoto waitike “Hadithi njoo!” Naipenda sana, lakini mchana. Kuitikia kwa kelele humwamsha mtoto, na kitabu hiki ni cha kumlaza.

Nimewasomea watoto wa jirani rasimu zote mbili. Ya mhariri waliisikiliza kwa adabu. Ya kwangu, nyumba ya pili tu, mdogo wao alishanitangulia: “kikaenda, kikaenda.” Mtoto asipodaka mstari hadi nyumba ya tatu, mdundo umeshakatika mahali, rudi utafute.

Kurasa nimezirudisha, kila “ngo” mahali pake. Kama karatasi ni ghali, na najua ni ghali, apunguze ile aya ya mwanzo inayoeleza rangi ya mapazia.